Kurasa za Mbele Zinapopingana na Hesabu

Ripoti ya mwaka ya kampuni kubwa ni vitabu viwili ndani ya jalada moja. Kurasa za mbele zina picha za rangi, salamu za mwenyekiti wa bodi, maelezo ya mkurugenzi mtendaji, michoro ya ukuaji na habari za miti iliyopandwa na visima vilivyochimbwa. Kurasa za nyuma zina hesabu: mizania, taarifa ya faida na hasara, mtiririko wa fedha, kisha kurasa nyingi za ufafanuzi kwa herufi ndogo. Kati ya sehemu hizo mbili ndipo inapowekwa ripoti ya mkaguzi.

Wanahisa wengi husoma za mbele na kuziruka za nyuma. Wakiona kwamba kampuni ya ukaguzi imetia sahihi humo ndani, huamini kuwa kitabu kizima kimekaguliwa. Hapo ndipo wanapokosea. Maoni ya mkaguzi yanahusu hesabu, na kila kilichobaki, yaani salamu, michoro, takwimu za wafanyakazi na maelezo ya mazingira, kitaalamu huitwa taarifa nyingine. Mkaguzi hazikagui hizo. Lakini analazimika kuzisoma, na akikuta zinapingana na hesabu ana hatua za kufuata, zilizoandikwa moja baada ya nyingine.

Hatua hizo zimo katika Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 720. Viwango hivi vinatumika Tanzania tangu Julai 2004, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ilipovipokea rasmi, na Kenya pia inavifuata. Namba 720 iliandikwa upya mwaka 2015, ikaanza kutumika kwa hesabu za mwaka unaoishia tarehe 15 Desemba 2016 au baada yake. Zamani mkaguzi alilinganisha kurasa za mbele na hesabu, na asipoona tatizo hakuandika chochote. Sasa anazilinganisha pia na yote aliyoyajua wakati wa ukaguzi, na katika ripoti yake anaweka sehemu maalumu ya kueleza alichokikuta, hata kama hakukuta kitu.

Kwanza, kipi kinasomwa

Kazi huanza mapema, kabla hata ya kitabu kuchapwa. Mkaguzi huuliza menejimenti: mwaka huu ripoti yenu itakuwa na nyaraka zipi, na zitatoka lini? Swali hilo lina sababu yake. Kampuni nyingine hutoa kitabu kimoja, nyingine hutoa ripoti ya wakurugenzi peke yake na kitabu cha rangi baadaye. Vyote vikiwa sehemu ya ripoti ya mwaka, vyote vinasomwa.

Kuna visivyohesabiwa. Tangazo la awali la matokeo ya mwaka halimo, wala waraka wa kuuza hisa kwa umma, wala hotuba aliyoitoa mkurugenzi kwa waandishi wa habari. Matokeo ya robo mwaka ambayo benki hutangaza magazetini nayo si ripoti ya mwaka. Mwekezaji aliyenunua hisa kwa kusoma tangazo la gazetini asidhani kwamba kiwango hiki kinamlinda.

Kisha mkaguzi huomba nakala ya mwisho, na ikiwezekana aipate kabla ya kutia sahihi. Neno muhimu hapo ni "ya mwisho". Salamu za mwenyekiti huandikwa na watu wa mawasiliano, zikapita kwa mkuu wa fedha, zikaenda kwa mwenyekiti mwenyewe, zikarudi, ndipo zikafika kwa mbunifu wa kurasa. Katika kila kituo namba inaweza kubadilika. Mkaguzi aliyesoma rasimu ya tatu hajui kilichomo katika ya saba. Kama baadhi ya nyaraka hazitakuwa tayari hadi baada ya sahihi, anadai barua ya uthibitisho kutoka kwa menejimenti kwamba atapewa nakala ya mwisho kabla haijatolewa kwa umma, apate nafasi ya kuisoma.

Kusoma kwa mkaguzi

Usomaji wenyewe ni wa kalamu mkononi. Ulinganifu wa aina mbili ndio unaotafutwa. Wa kwanza ni kati ya kurasa za mbele na hesabu: namba iliyokusudiwa iwe ileile, au iwe muhtasari wa namba za hesabu, au izifafanue zaidi. Mkaguzi halazimiki kulinganisha kila tarakimu, huchagua zile zenye uzito kwa msomaji. Wa pili ni kati ya kurasa za mbele na yale aliyoyaona mwenyewe wakati wa ukaguzi, kwenye mihtasari ya vikao vya bodi, barua za benki, mikataba na ziara za viwandani. Kwa sababu ya ulinganifu huu wa pili, kazi hii haiwezi kuachiwa kijana aliyeajiriwa juzi. Asiyeujua ukaguzi mzima hawezi kugundua sentensi inayopingana na kitu alichokiona mwenzake mwezi uliopita.

Yapo pia maelezo yasiyogusa hesabu wala ukaguzi, kama maelezo ya afya ya wanakijiji wanaozunguka kiwanda. Kwa hayo, mkaguzi hukaa macho tu. Hatafuti ushahidi, ila akiona dalili kwamba kitu hakiko sawa hawezi kukifumbia macho.

Kosa linalotafutwa si lazima liwe namba isiyo sahihi. Taarifa inahesabiwa kuwa na kosa pia pale inapopotosha kwa kuacha jambo ambalo msomaji alihitaji kulijua, au kwa kulifunika. Mchoro wa nguzo unaoanzia 90 badala ya sifuri hugeuza ongezeko la asilimia 3 kuwa mlima, ingawa kila tarakimu juu yake ni ya kweli. Na kosa lazima liwe kubwa kiasi cha kuweza kubadili uamuzi wa msomaji. Tarakimu moja iliyogeuzwa katika namba ya simu ya makao makuu haimhusu mkaguzi.

Kiwanda cha alizeti

Tuchukue mfano wa kubuni tuone inavyokwenda. Kampuni moja inakamua mafuta ya alizeti mkoani Singida. Ina viwanda viwili, hisa zake zinauzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na mwaka wake wa hesabu unaisha tarehe 31 Desemba. Ukaguzi umekaribia kwisha. Hesabu zinaonyesha faida kabla ya kodi ya shilingi bilioni 8.4, kutoka bilioni 8.0 za mwaka uliotangulia, ongezeko la asilimia 5. Bodi itakutana wiki ijayo kuzipitisha. Prufu ya ripoti ya mwaka imeletwa, na mkaguzi mwandamizi anaifungua.

Ukurasa wa 6, salamu za mwenyekiti: "Nina furaha kuwatangazia kwamba faida yetu imepanda kwa asilimia 30." Mkaguzi anazungushia alama.

Ukurasa wa 11, maelezo ya mkurugenzi mtendaji, aya ya nne: mwezi Novemba kampuni ilisimamisha uzalishaji katika kiwanda cha pili na inatafuta mnunuzi wa mitambo. Anaweka alama nyingine, nzito zaidi.

Ukurasa wa 19, rasilimali watu: kampuni ina wafanyakazi 1,140. Karatasi zake za kazi za mishahara zina watu 860. Alama ya tatu.

Kwa mtu wa nje, hizi ni alama tatu za kosa moja, yaani kwamba mbele wametia chumvi. Mkaguzi hana ruhusa ya kufikia uamuzi huo haraka. Namba mbili zikitofautiana, kinachojulikana ni kwamba hazikubaliani, basi. Nani amekosea bado hajulikani, na kiwango kinampa mkaguzi majibu matatu ya kuchagua: kurasa za mbele zina kosa, hesabu zenyewe zina kosa, au yeye mkaguzi hakuwa ameielewa kampuni vizuri. Ili kujua ni lipi, anazungumza na menejimenti, na ikibidi anafanya uchunguzi wa ziada.

Anaanza na jepesi. Ofisa rasilimali watu anamweleza kwamba watu 280 ni vibarua wa msimu, wanaolipwa kupitia wakala, ndiyo maana hawamo kwenye orodha ya mishahara. Mkaguzi anaomba mkataba wa wakala na ankara zake, anakuta malipo yao yameingizwa katika gharama za huduma za nje. Jumla inakubaliana. Mbele hakuna kosa, nyuma hakuna kosa. Uelewa wake ndio uliokuwa na pengo, na pengo hilo linazua swali ambalo hakuwa amejiuliza: kama wakala hakupeleka michango ya vibarua kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, je, deni hilo linaweza kumrudia mwenye kiwanda? Anausoma mkataba upya kwa jicho hilo kabla ya kulifunga.

Kisha anakwenda kwa mkuu wa fedha na ukurasa wa 6.

"Kaka, hii asilimia 30 imetoka wapi?"

"Hiyo ni faida ya uendeshaji, kabla ya riba na uchakavu. Mwaka jana ilikuwa bilioni 10, mwaka huu ni 13."

"Na hasara ya dola?"

"Tumeitoa. Haitokani na biashara yetu, ni mambo ya soko la fedha."

Hesabu yake inaingiana. Ukianza na bilioni 13.0, ukatoa uchakavu 2.0, riba 1.4 na hasara ya kubadilisha fedha 1.2, unabaki na 8.4, ileile iliyomo kwenye hesabu. Mwaka uliotangulia ilikuwa 10.0, uchakavu 1.3, riba 0.7, ikabaki 8.0. Hakuna aliyeghushi. Lakini kampuni ilinunua mitambo mipya kwa mkopo wa dola, na kipimo cha mwenyekiti kinahesabu mafuta yote yaliyokamuliwa na mitambo hiyo huku kikiacha nje gharama zote za kuimiliki: uchakavu wake, riba ya mkopo wake, na shilingi iliyoshuka dhidi ya dola. Mwanahisa wa kawaida akisoma neno "faida" haelewi hivyo. Anaelewa kile kinachoweza kugawanywa kuwa gawio. Hapa jibu ni la kwanza: kosa liko mbele.

Dawa yake si lazima mwenyekiti aifute asilimia 30. Vipimo vya namna hiyo vinatumiwa na kampuni nyingi na vina kazi yake. Mkaguzi anaomba kiitwe kwa jina lake, kielezwe kimeacha nini, kiwekwe jedwali dogo la kukifikisha kwenye bilioni 8.4, na faida ya hesabu itajwe kando yake kwa uzito uleule.

Pale hesabu zinapokuwa ndizo zenye kosa

Imebaki alama nzito, ya ukurasa wa 11. Mkaguzi alikwenda kiwanda cha pili mwishoni mwa Desemba akakuta mitambo imelala. Hakushangaa. Alizeti ya kanda ya kati huvunwa katikati ya mwaka, na mashinikizo mengi hukosa mbegu mwaka unapoelekea ukingoni. Aliandika kwamba kiwanda kimesimama kwa sababu ya msimu, na hakuna aliyemsahihisha. Katika hesabu, kiwanda kile kimebaki na thamani yake ya vitabuni, shilingi bilioni 6.2.

Sasa mkurugenzi mtendaji mwenyewe ameandika kwamba kimefungwa kabisa na kinauzwa. Kiwanda kilichosimamishwa kabla ya mwaka kuisha ni dalili kwamba thamani yake imeshuka, na kanuni za uhasibu zinataka ipimwe upya: je, kitaingiza kiasi gani kikiendelea kutumika au kikiuzwa? Mkaguzi anaomba barua za wanunuzi. Zipo mbili, na baada ya kutoa gharama za kuuza hakuna inayozidi bilioni 4.0. Tofauti ya bilioni 2.2 ni hasara ambayo haimo kwenye hesabu.

Hapa ndipo kazi ya kusoma inapoonyesha makali. Kurasa ambazo mkaguzi hakuajiriwa kuzikagua ndizo zilizomfichulia kosa katika kurasa alizoajiriwa kuzikagua. Salamu na maelezo haya huandikwa na watu wanaoijua biashara lakini hawafikirii kanuni za uhasibu, na mara nyingi husema kwa uwazi jambo ambalo idara ya fedha haikulitamka. Mkurugenzi alikuwa anajisifia kubana matumizi, hakujua anaeleza hasara. Naye mkaguzi ana la kujijibu: kwa nini alipokea maelezo ya msimu bila kuuliza zaidi, na kwa nini uamuzi wa kufunga kiwanda haukuonekana kwenye mihtasari ya bodi aliyopewa? Kama kuna muhtasari alionyimwa, hilo ni tatizo kubwa kuliko kiwanda chenyewe.

Hesabu hazijatiwa sahihi, kwa hiyo zinarekebishwa. Faida kabla ya kodi inashuka kutoka bilioni 8.4 hadi 6.2, na ikilinganishwa na bilioni 8.0 za mwaka uliopita, sasa imeporomoka kwa zaidi ya asilimia 22. Kumbe marekebisho ya nyuma yameugeuza ukurasa wa 6 pia. Kipimo cha mwenyekiti hakikuguswa, kwa sababu hasara ya thamani ya kiwanda nayo huachwa nje ya kipimo hicho. Bado ni bilioni 13, bado ni asilimia 30 juu. Lakini asubuhi sentensi yake ilikuwa imetia chumvi, na jioni inasema kinyume cha hesabu. Ndiyo maana wakaguzi wazoefu huusoma tena mwanzo wa kitabu kila hesabu zinapobadilika.

Mwenyekiti akikataa

Mara nyingi mambo huishia hapo: menejimenti inarekebisha, mkaguzi anahakikisha kwa macho yake kwamba nakala ya mwisho imebadilika, na wanahisa hawajui kwamba kulikuwa na mvutano. Tuseme safari hii mwenyekiti anang'ang'ania. Salamu ni zake, anasema, na mkaguzi hakuajiriwa kumfundisha kuandika.

Menejimenti ikikataa, mkaguzi anapanda ngazi na kulipeleka suala kwa bodi, kwa kawaida kupitia kamati ya ukaguzi. Hapo anaeleza kosa na anaomba lirekebishwe. Anaeleza pia atakachokiandika lisiporekebishwa, na kwa kawaida kauli hiyo ya pili ndiyo inayomaliza ubishi. Hakuna mwenyekiti anayependa salamu zake zisahihishwe hadharani kurasa chache baadaye.

Bodi nayo ikikataa, mkaguzi ana njia mbili kuu. Ya kwanza ni kulisema katika ripoti yake. Katika mfano wetu, sehemu ya taarifa nyingine ingesomeka hivi: "Tumehitimisha kwamba taarifa nyingine zina kosa kubwa. Salamu za mwenyekiti, ukurasa wa 6, zinasema faida imepanda kwa asilimia 30. Kipimo hicho hakijumuishi uchakavu, riba, hasara ya kubadilisha fedha wala kushuka kwa thamani ya kiwanda. Faida kabla ya kodi katika hesabu zilizokaguliwa imeshuka kutoka shilingi bilioni 8.0 hadi bilioni 6.2." Njia ya pili, sheria ikiruhusu, ni kujiuzulu kazi hiyo.

Jambo linalowachanganya wasomaji ni kwamba katika njia ya kwanza hati inabaki safi. Hesabu zimerekebishwa, zinaonyesha hali halisi, na maoni juu yake hayana dosari. Kosa limebaki katika salamu, na limetajwa katika sehemu yake. Kwa hiyo ripoti moja inaweza kuwa na hati safi juu na onyo zito chini, na vyote viwili vikawa kweli. Hali ingekuwa tofauti kama bodi ingekataa kurekebisha thamani ya kiwanda. Hilo lingekuwa kosa ndani ya hesabu, na hapo hati yenyewe ingeharibika, iwe yenye shaka au mbaya zaidi kulingana na ukubwa wa kosa. Kisha lingeongezeka jingine: salamu zilizonukuu bilioni 8.4 zingekubaliana kabisa na hesabu, lakini zingekuwa zinakubaliana na kosa. Kwa hiyo hati ikiwa na shaka, mkaguzi anapaswa kujiuliza kama dosari hiyohiyo haijaingia kwenye kurasa za mbele pia.

Kwa nadra sana kukataa kwenyewe huwa ndiyo habari. Kama ukaidi wa viongozi unamfanya mkaguzi atilie shaka uadilifu wao, kiasi kwamba hawezi tena kuamini maelezo na nyaraka walizompa kwa ukaguzi mzima, anaweza kuishia kukataa kutoa maoni yoyote juu ya hesabu. Na anapokataa hivyo, sehemu ya taarifa nyingine haiandikwi kabisa, isije ikaonekana kwamba kitabu kina sehemu aliyoikubali.

Je, kitabu kikifika baada ya sahihi? Kosa likigunduliwa hapo, mkaguzi anadai lirekebishwe, na kama hesabu zimeshasambazwa anafuatilia kwamba waliozipokea wanajulishwa. Wakigoma, anawatafuta wanasheria wake kwanza, kisha anachagua namna ya kuwafikia wasomaji: kuwapa viongozi ripoti mpya au iliyorekebishwa na kuwataka waifikishe, kulisema kwenye mkutano mkuu wa wanahisa, au kuandikia mamlaka husika pale sheria inapomruhusu au kumlazimisha.

Kuisoma sehemu hiyo mwenyewe

Sehemu ya taarifa nyingine kwa kawaida ni aya tatu au nne katika ripoti ya mkaguzi. Aya ya kwanza inasema taarifa hizo ni jukumu la wakurugenzi, na inazitaja: ripoti ya wakurugenzi, salamu za mwenyekiti na kadhalika. Angalia orodha hiyo kwa makini. Kama salamu hazikutajwa, au imeandikwa kwamba mkaguzi anatarajia kuzipata baada ya tarehe ya ripoti, basi alikuwa hajazisoma alipotia sahihi. Aya inayofuata inasema maoni yake hayazihusu na hatoi uhakika wowote juu yake. Mwishoni utakuta kwamba hana cha kuripoti, au utakuta kosa limeelezwa.

"Hatuna cha kuripoti" ina maana finyu. Inasema kwamba mkaguzi alisoma na hakukuta upotoshaji mkubwa kwa kulinganisha na hesabu na alichokijua. Haimaanishi kwamba alihesabu miti iliyopandwa au alithibitisha kwamba kampuni ndiyo inayoongoza sokoni. Ikiwa dai halina uhusiano wowote na hesabu wala na ukaguzi, hakuwa na cha kulilinganisha nacho.

Kenya wameongeza ngazi mbili juu ya hapo. Chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015, mkaguzi anatamka kwa maneno ya moja kwa moja kama taarifa zilizomo katika ripoti ya wakurugenzi zinalingana na hesabu, ambayo ni kauli nzito kuliko kusema hakuna cha kuripoti. Na kwa kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa, sehemu fulani ya ripoti ya malipo ya wakurugenzi inakaguliwa kikamilifu ingawa imechapwa mbele. Mwanahisa wa huko anaweza kuiamini sehemu hiyo kama anavyoziamini hesabu.

Kwa kurasa zilizobaki, kila neno "faida" utakalolikuta mbele lilinganishe na mstari wa faida kabla ya kodi nyuma, mwaka huu na uliopita. Zisipofanana, tafuta jedwali linaloeleza tofauti. Kila habari ya kufunga, kuuza au kusimamisha kitu, tafuta katika ufafanuzi wa hesabu kama thamani yake imeguswa. Usipopata jibu, mkutano mkuu wa mwaka ndio mahali pa kuuliza. Muulize mwenyekiti kwa kutaja ukurasa na namba zote mbili, na mkaguzi akiwapo mkutanoni, omba swali lielekezwe kwake pia.